Umeolewa? Swali la kawaida Morogoro, swali zito Hamburg

Basi la kwenda Iringa likishaipita Chalinze, abiria waliokaa kiti kimoja huwa wameshaanza kujuana. Mama mmoja amefungua mfuko wa karanga na kumkaribisha jirani yake, binti wa Kijerumani anayekwenda kujitolea katika hospitali ya mkoani. Kiswahili cha binti ni cha darasani, lakini kinaeleweka. Aliyewahi kusafiri na wageni katika barabara zetu anayajua mazungumzo yanayofuata, hata kama maneno hubadilika kidogo.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Ujerumani, mama."

"Aa, mbali. Wazazi wapo?"

"Wapo."

"Hawajambo?"

"Hawajambo, asante."

"Na wewe umeolewa?"

"Hapana."

"Hapana? Kwani una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Mtoto je, hata mmoja?"

"Sina."

"Pole, mwanangu. Mungu atakujaalia."

Mama anamwongezea karanga. Binti anashukuru, anageukia dirishani, na hadi Morogoro hasemi tena. Mama anabaki akijiuliza kama amemkosea nini, au labda ndivyo walivyo Wazungu, wakimya na wenye kujitenga. Binti naye anajiuliza imekuwaje mtu asiyemjua hata jina amemuuliza umri, ndoa na uzazi, kisha akampa pole kama aliyefiwa.

Wote wawili ni watu wema na wote wawili wana adabu, ila kila mmoja amelelewa katika adabu yake. Wengi hueleza jambo hili kwa kifupi kwamba Waafrika ni watu wa jamii na Wazungu ni watu wa ubinafsi. Maelezo hayo hayatoshi. Hayasemi kwa nini Mzungu huyohuyo anayenuna akiulizwa ndoa atakuuliza kazi yako kabla hujamaliza kukaa, wala kwa nini Mswahili wa pwani anayekuuliza kama umeoa hatathubutu kukuuliza mkeo anaitwa nani. Maoni yangu ni kwamba swali huwa la kawaida pale jibu lake linapompa mtu kitu, na huwa zito pale jibu hilo lilipowahi kumnyima mtu kitu. Ukitaka kujua kwa nini swali linauma, angalia lilivyotumika.

Tuanze na yule mama. Katika Kiswahili cha kila siku si rahisi kumwita mtu bila kumweka mahali pake. Ukikutana na mtu, kabla hujafungua mdomo umeshapima umri wake ujue kama utaanza na shikamoo au mambo. Ukiendelea kuzungumza naye lazima awe dada, kaka, shangazi, mjomba, mama, bibi, au mwanangu, kama binti yule alivyoitwa mara moja. Rafiki wa mume wako ni shemeji. Mwanamke akishapata mtoto, jina lake la kuzaliwa huanza kurudi nyuma. Mtaani, dukani na kwenye vikao vya shule ataitwa Mama Asha au Mama Juma, na majirani wengine wanaweza kukaa naye miaka bila kujua jina lake jingine. Baba naye ni vivyo hivyo. Anayekuuliza kama una mtoto anatafuta, pamoja na mengine, jina la kukuita.

Na hana pengine pa kulipata jibu hilo isipokuwa mdomoni mwako. Hili ndilo wageni wengi hawalijui. Kwa Waislamu wa pwani, mwanamke akiolewa habadili jina. Anabaki binti wa baba yake hadi mwisho wa maisha yake. Pete ya ndoa kwa wengi ni mtindo uliokuja na kanisa, na hata waliofunga ndoa kanisani wengi hawaivai shambani wala jikoni. Neno Bi. linaloandikwa mbele ya jina halisemi kama mwenyewe ameolewa, na Ndugu, iliyoenea Tanzania tangu enzi za TANU, haisemi hata kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Alama ya kumtambulisha mtu kabla hajaulizwa haipo, kwa hiyo anaulizwa.

Si sisi peke yetu. Nchini Vietnam, lugha yenyewe inakulazimisha kujua umri wa unayezungumza naye, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku hakuna neno moja la kawaida lenye maana ya "wewe" linalomfaa kila mtu. Mwanamume anayekuzidi kidogo utamwita anh, kaka. Mwanamke anayekuzidi kidogo ni chị, dada. Mdogo wako ni em. Na wa rika la wazazi wana majina yao kama ya ami na shangazi. Ukikosea umemshusha mtu au umemzeesha. Ndiyo maana Mvietnam anaweza kukuuliza umri wako katika dakika ya kwanza, naye hana nia ya kukuchunguza. Anatafuta neno la kuanzia sentensi yake ya pili. Mswahili anayepima kama aseme shikamoo anamwelewa vizuri.

Mwaka 1923 mtaalamu wa mila na desturi aitwaye Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha London, aliandika makala kuhusu mazungumzo ya namna hii. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ameishi visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, na huko akaona kwamba maneno mengi ambayo watu huambiana hayabebi habari yoyote ya maana. Mtu akikuuliza unakwenda wapi hana haja ya kujua unakokwenda. Kazi ya maneno hayo ni kuwaunganisha watu wawili na kuondoa ule ukimya unaotia shaka. Malinowski alisema jambo hilo lipo kila mahali, kuanzia kijiji cha wavuvi hadi sebule ya London. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akapenda kujua kwamba baadaye mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jomo Kenyatta, na kwamba kitabu cha Kenyatta kuhusu Wagikuyu, kilichotoka mwaka 1938, kina utangulizi ulioandikwa na Malinowski.

Sasa twende kwa binti. Kama kazi ya mazungumzo madogo ni kuunganisha, kwa nini swali la ndoa limemtenga?

Ulaya nayo ilitaka sana kujua nani ameolewa. Haikuuliza kwa sababu haikuwa na haja ya kuuliza. Kwa miaka mingi Mwingereza alimwita mwanamke Misi kabla ya ndoa na Misesi baada ya ndoa, na Mjerumani alisema Froilain na Frau. Barua, bahasha, orodha ya shule, mlango wa ofisi, vyote vilitangaza hali ya ndoa ya mwanamke, ilhali mwanamume alikuwa Mista au Herr tangu ujana hadi kaburini. Habari ambayo kwetu hutafutwa kwa mdomo, kwao iliandikwa mbele ya jina.

Na habari hiyo ilikuwa na bei. Uingereza ilikuwa na kanuni ya kuwaondoa wanawake kazini wakiolewa. Katika utumishi wa serikali kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1946, na kwa wanadiplomasia wanawake iliendelea hadi 1973. Mwanamke wa Kiingereza aliyetaka kuwa balozi mwaka 1970 ilimbidi achague kati ya kazi na ndoa. Ireland iliondoa kanuni kama hiyo katika utumishi wa umma mwaka huohuo wa 1973. Ujerumani Magharibi hadi mwaka 1977 sheria ya ndoa ilisema mke anaweza kufanya kazi ya kuajiriwa ili mradi kazi hiyo haigongani na wajibu wake kwa mume na familia. Wanawake walioishi chini ya sheria hizo wengi wako hai, nao ni mama na bibi wa vijana tunaokutana nao kwenye mabasi yetu.

Kwa hiyo wanawake wa nchi hizo walipodai haki ya kazi walidai pia kwamba alama ile iondolewe kwenye majina yao. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani Magharibi iliacha kutumia Froilain katika ofisi zake mwaka 1972. Kwa Waingereza na Wamarekani likaenea neno la tatu, Mizi, lisilosema kama mtu ameolewa au la. Ufaransa ilichelewa, neno Madmuazeli liliondolewa kwenye fomu za serikali mwaka 2012. Binti wa miaka thelathini na miwili amekulia katika nchi ambako kutojulikana kama umeolewa ni haki iliyopiganiwa. Anapoulizwa na mtu asiyemjua, masikio yake yanasikia swali la bosi au la karani, hata kama aliyeuliza ni mama mwenye karanga.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi kwenye usaili wa kazi. Ujerumani mwajiri haruhusiwi kumuuliza mwombaji kazi kama ana mimba au anatarajia kupata mtoto. Mahakama za kazi za huko zimekwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani: akiulizwa hivyo, mwanamke anaweza kujibu uongo, na mwajiri akija kugundua baadaye hawezi kumfukuza kwa sababu hiyo. Hoja ni kwamba anayekaa kimya ameshajibu, kwa hiyo kinga pekee iliyobaki ni kumruhusu aseme hapana. Fikiria uzito wa jambo hilo katika nchi inayosifika kwa kusema mambo yalivyo.

Hata kwetu sheria imeshaliona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kubagua kwa sababu ya mimba, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataja mimba na hali ya ndoa. Msichana wa Kitanzania anayeulizwa na shangazi wa jirani kama amepata mchumba atacheka na kujibu. Msichana huyohuyo akiulizwa na watu watatu nyuma ya meza ya usaili jijini Dar es Salaam, moyo utaruka, kwa sababu anajua kinachofuata akijibu kwamba ameolewa mwezi uliopita. Maneno ni yaleyale na utamaduni ni uleule, lakini jibu sasa linaweza kumkosesha kazi.

Swali la kabila ni vivyo hivyo. Tanzania mtu anakuuliza kabila lako ili aanze utani. Mpare na Mchaga hawawezi kukaa meza moja dakika tano bila kurushiana maneno, na hakuna anayekasirika. Ukiwa na mazoea hayo vuka mpaka uingie Rwanda, umuulize mwenyeji wako kama ni Mhutu au Mtutsi, utaona uso unavyobadilika. Wabelgiji ndio walioanzisha vitambulisho vyenye kabila miaka ya 1930, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani vitambulisho hivyo viliamua nani auawe. Baada ya hapo kabila liliondolewa kwenye kitambulisho, na swali lenyewe likaondoka kwenye mazungumzo. Kenya nako, tangu vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi huuliza kabila kwa kuzunguka, kupitia jina la ukoo au mahali mtu alikozaliwa. Anayeshangaa kwa nini Mzungu ananuna akiulizwa ndoa ajiulize kwa nini yeye mwenyewe hawezi kumuuliza kila mtu kabila lake.

Turudi nyumbani, maana kuna maswali ambayo sisi ndio tunaoyaona mazito na mgeni hajui. Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na kwa ndugu zetu walioko Oman, mwanamume hamuulizi mwenzake habari za mkewe kwa jina. Unauliza, "Nyumbani hawajambo?" au "Watu wa nyumbani wote wazima?" na mwenzako anajua umemaanisha nani. Mgeni anayetaka kuonyesha urafiki akasema, "Fatuma hajambo? Yuko wapi leo?" amefanya kosa ambalo hakuna atakayemwambia. Mtu huyohuyo aliyemuuliza mgeni katika dakika ya kwanza kama ameoa, na ana wake wangapi kwa utani, hataki jina la mke wake litajwe kibarazani. Ndoa ni habari ya umma. Mke mwenyewe ni wa nyumbani.

Kuhesabu nako kuna mipaka yake. Mfugaji hapendi kuulizwa idadi ya ng'ombe wake; ni sawa na kumuuliza mtu wa mjini ana shilingi ngapi benki. Wagikuyu wa zamani hawakupenda watoto wahesabiwe kwa idadi kamili, kwa kuogopa kuwaletea balaa. Ndiyo maana mabinti wa Gikuyu na Mumbi husemwa kuwa tisa kamili, ingawa ukiwahesabu ni kumi. Kwa mzee mwenye imani hiyo, "Una watoto wangapi?" lilikuwa swali la kukwepwa, na hapo hakuna Mzungu wala mji uliohusika.

Lakini linalonigusa zaidi ni lile la uzazi, kwa sababu hapa hatuna mgeni wa kumsingizia. Maswali yetu huja kwa mfuatano. Umeolewa lini? Mtoto je? Huyu mmoja tu, wa pili lini? Kila hatua inadhani kwamba iliyotangulia imeleta furaha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbana na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Jaza ukumbi wa harusi watu wazima mia tatu, kisha gawanya. Hao hamsini wanakaa meza mojamoja na mashangazi, na kila mmoja ataulizwa si mara moja.

Mwanamke asiyepata mtoto anajua kazi ya swali hilo kuliko mtaalamu yeyote. Kwa mwenye watoto ni heshima, linampa jina. Kwake ni kukumbushwa kwamba hana jina hilo, na mara nyingi kwamba wapo wanaomshauri mumewe aongeze mke. Aliyetoa mimba iliyoharibika wiki mbili zilizopita anaulizwa vivyo hivyo, na aliyezika mtoto, na mjane, na aliyeachika. Hawanuni wala hawageukii dirishani, kwa sababu wamelelewa nasi. Wanasema "Tunamwomba Mungu," wanatabasamu, kisha wanaacha kuja kwenye shughuli. Tukisema kwamba swali hili halimuudhi Mwafrika, tunakuwa tumewasikiliza wale tu wenye jibu zuri.

Utajuaje kama swali limemgusa mtu pabaya? Sikiliza muda. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulilinganisha lugha kumi za mabara mbalimbali, kutoka Kijapani na Kidenishi hadi lugha ya wawindaji wa Namibia, ukaona kwamba katika zote watu hujibu maswali haraka mno, kwa wastani chini ya nusu sekunde. Jibu linalochelewa ni ishara ya taabu katika lugha zote hizo. Kisha tazama urefu wake. Aliyekuwa akijibu sentensi nzima akianza kujibu neno mojamoja, ameanza kufunga mlango. Kicheko kifupi kisicho na la kuchekesha, simu inayotolewa mfukoni bila kuita, jibu la swali ambalo hukuuliza, vyote ni dalili zilezile. Binti wa kwenye basi alizitoa karibu zote: "Hapana," kisha idadi ya miaka, kisha "Sina." Mama hakuzisoma kwa sababu alidhani Kiswahili ndicho kilichomwishia.

Walioishi Ulaya na Marekani wamejifunza njia moja inayofaa, nayo ni ya wenyeji wenyewe. Mwaka 1980 mtaalamu wa mazungumzo wa Marekani, Anita Pomerantz, aliieleza kwa kina. Watu wa huko wakitaka kujua jambo la mtu hawamuulizi. Wanasema upande wao, kisha wanangoja. Mfanyakazi mwenzako Hamburg anasema, "Jumamosi mimi na mume wangu tuliwapeleka watoto ziwani, mvua ikatunyeshea." Hajauliza chochote, lakini amekuachia nafasi. Ukitaka utasema, "Sisi watoto wetu wanaogopa maji," naye ameshajua mengi. Usipotaka utasema, "Kweli, mvua ilikuwa kubwa," na hakuna aliyeumia. Hii ndiyo kazi kubwa ya habari za hali ya hewa ambazo sisi huziona hazina maana: zinawapa watu wawili mahali pa kusimama pamoja bila mmoja kulazimika kufungua mlango wa nyumba yake. Mtanzania aliyepata kazi ugenini asitafsiri ukimya huo kuwa ubaguzi kabla hajaujaribu. Aseme habari zake kwanza, habari za watoto wake, za mama yake kijijini, kisha anyamaze. Wengi watamjibu kwa habari zao, wengine wiki hiyohiyo, wengine baada ya miezi.

Mgeni anayekuja kwetu naye ana lake la kujifunza, na ni jepesi. Asijibu kwa "hapana" mkavu, kwa sababu "hapana" katika swali la ndoa husikika kama kukataa. Aseme "Bado," na katika swali la mtoto aseme "Sijajaaliwa," hata kama hana mpango wa kuolewa wala kuzaa. Majibu hayo hayamlazimishi kueleza zaidi, nayo yanamwacha aliyeuliza na heshima yake. Kisha na yeye aulize: "Na wewe mama, una wajukuu?" Yule mama wa karanga alikuwa akilingoja swali hilo tangu Chalinze. Kwetu anayeulizwa bila kuuliza anaonekana ana kiburi, na huenda hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko ukimya wenyewe.

Sidhani kama tunapaswa kuacha kuulizana. Safari ya saa nane na mtu ambaye hujui hata kwao ni wapi ni safari ndefu, na mzee anayeishi peke yake ugenini, ambaye wiki nzima hakuna aliyemuuliza habari za watoto wake, hana raha ambayo sisi tumeikosa. Endeleeni kuuliza kwenu wapi, wazazi hawajambo, safari ilikuwaje. Umeolewa ulizeni, ila anayejibu kwa neno moja msimfuate na jingine. Lakini swali la mtoto, msomaji, hasa kwa mwanamke, hasa mbele za watu, liache. Mwenye mtoto atakutajia jina lake mwenyewe kabla hamjafika kituo cha pili, na asiyemtaja ameshakujibu.